Balungi la uani na kidonge cha presha cha baba

Mheshimiwa mfamasia, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 71 na ninaishi naye hapa Nachingwea. Kwa miaka mingi alitumia amlodipini bila shida yoyote. Mwezi wa nne alikwenda kukaa kwa kaka Dar es Salaam, na huko daktari akambadilishia dawa, akampa felodipini ya miligramu 5, na baada ya wiki sita akaipandisha kuwa 10. Amerejea nyumbani wakati mti wetu wa uani umejaa mabalungi, na kila siku saa moja asubuhi anameza kidonge kwa glasi ya maji ya balungi, kama alivyozoea zamani, kwa sababu anasema balungi linashusha presha. Sasa miguu imevimba, kichwa kinamgonga, uso unamwaka moto, na ikifika saa tano akiinuka anapepesuka. Juzi alianguka mlangoni. Kliniki walimpima alfajiri kabla hajameza dawa, wakapata 136/82, wakasema yuko vizuri. Mimi nilimpima saa tano: ameketi 104/60, amesimama 86/52. Kaka anasema tukikate kidonge nusu, na mjomba anataka mti ukatwe. Je, anywe balungi asubuhi na dawa ameze usiku? Au badala yake tumpe machungwa, au madafu? Mama naye anatumia amlodipini na anakula mabalungi hayo hayo.
— Binti wa Mzee, Nachingwea

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na lisilosubiri. Leo hii balungi lisitishwe, na kabla baba hajameza kidonge cha kesho mpeleke kwa daktari ukiwa na boksi la dawa na vipimo ulivyoviandika. Sababu ya kusema kabla ya kidonge cha kesho ni kwamba glasi aliyokunywa leo bado itakuwa na nguvu juu ya kidonge hicho, hata kama kesho hatalionja tunda kabisa. Nitaeleza hapa chini kwa nini. Ikiwa atazimia, au ataumwa kifua, au kipimo cha juu kitashuka chini ya 90 akiwa ameketi, usingoje kesho.

Vipimo vyako viwili vya saa tano vina thamani kuliko kile cha kliniki, ingawa aliyempima kule hakukosea. Felodipini hutengenezwa iachie dawa polepole, na kiasi chake katika damu hufika kileleni kati ya saa mbili na nusu na saa tano baada ya kumezwa. Baba anameza saa moja, anapepesuka saa tano: hapo zimepita saa nne, yaani katikati ya kilele. Anapopimwa alfajiri kabla ya kumeza, mpimaji anaona mabaki ya kidonge cha jana, na mabaki hayo yanaonekana kama presha iliyotulia vizuri. Tena ulifanya jambo ambalo hata sisi wa kazi hii tunalisahau mara nyingi, nalo ni kumpima akiwa amesimama. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, basi mishipa imelegea kuliko mwili unavyoweza kufidia. Kwa baba kimeshuka kwa 18 juu na 8 chini, karibu kabisa na mpaka huo, lakini alianzia chini mno, na mzee wa miaka 71 mwenye 86 akiwa wima hawezi kuaminiwa kwenye ngazi wala kisimani.

Kuvimba miguu, kichwa kugonga na uso kuwaka si magonjwa matatu mapya. Felodipini, nifedipini na amlodipini ni ndugu wa ukoo mmoja: zote huzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya mishipa ya damu, misuli ikalegea na mishipa ikapanuka. Zikizidi, upanukaji huo ndio unaoleta joto usoni, maumivu ya kichwa na maji yanayojikusanya vifundoni, hadi ukanda wa ndala unaacha alama ya mfereji juu ya mguu. Dalili zote alizonazo ni dalili za dawa kuwa nyingi. Swali ni imekuwaje nyingi ilhali anameza kile kile alichoandikiwa.

Ukimeza felodipini, karibu yote hunyonywa na utumbo, lakini ndani ya ukuta wa utumbo, na baadaye kwenye ini, kuna kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4 ambacho huivunja kabla haijafika kwenye mzunguko wa damu. Kazi hiyo hufanyika kwa ukali kiasi kwamba katika kila miligramu 10 zinazomezwa, ni kama moja na nusu tu inayopenya. Mtengenezaji anajua hasara hiyo, na daktari anapoandika 10 anakuwa ameshaihesabu ndani yake. Ni kama mfanyabiashara anayepakia magunia akijua mengine yatabaki kwenye vizuizi njiani.

Balungi lina kemikali za jamii ya furanokumarini ambazo hukiharibu kimeng'enya hicho cha utumboni. Kizuizi kikiondolewa, magunia mengi zaidi yanafika. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati tu huko Kanada, ambako mtafiti David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe huathiri felodipini, wakatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe ili wanaopimwa wasijue wamepewa nini. Viwango vya dawa katika damu vikatoka vikubwa kuliko ilivyotarajiwa, hata kwa wale ambao hawakupewa pombe. Mwaka 1991 walitoa matokeo ya jaribio dogo la wanaume 6 wenye presha ya mpakani: waliomeza felodipini kwa maji ya balungi walipata dawa katika damu karibu mara tatu, kwa wastani, ya waliyoipata walipomeza kwa maji ya kawaida. Maji ya chungwa hayakubadilisha kitu.

Sasa tumhesabie baba. Kidonge cha 10 kwa maji ya kawaida kinampa miligramu 1.5 hivi. Kwa balungi, tukichukua mara mbili hadi tatu, kinampa kati ya 3 na 4.5, sawasawa na mtu aliyemeza miligramu 20 au 30 kwa maji. Kwa mzee wa umri wake madaktari wengi huanza na 2.5 na hawapendi kuvuka 10. Wapo pia watu ambao ukuta wao wa utumbo una kimeng'enya kingi, na hao ndio hupata ongezeko kubwa zaidi, hata kupita mara tano, na hakuna kipimo cha kliniki cha kumjua mtu huyo mapema.

Ukitazama tena ratiba ya mwaka wake utaona jinsi mambo yalivyokwenda. Dozi ya 10 ilipangwa akiwa Dar es Salaam, mahali ambapo hakuwa na mti uani. Daktari alimwona na 5, akaona presha bado iko juu, akapandisha, na kwa hali aliyoiona alikuwa sahihi. Kisha mzee akarudi Nachingwea kwenye balungi lake, dozi ile ile ikawa dozi nyingine. Na huko nyuma, miaka yote ya amlodipini, alikunywa maji hayo hayo bila kudhurika, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kulishuku tunda. Simlaumu hata kidogo. Tena kauli yake kwamba balungi linashusha presha ina ukweli wake wa kupotosha, maana siku hizi likinywewa kwake presha hushuka kweli. Ila kinachoishusha ni felodipini iliyozidi, balungi limeifungulia mlango tu.

Hapa ndipo ninapolijibu swali la mama. Amlodipini haivunjwi sana njiani: zaidi ya asilimia 60 ya kidonge hufika kwenye damu hata bila msaada wowote, hivyo balungi halina kikubwa cha kuokoa. Mama aendelee kula, kwa kiasi cha kawaida, na akiona miguu inavimba au kizunguzungu kinaanza apimwe kama mtu mwingine yeyote. Nifedipini, ambayo wengi huku kwetu wanaitumia, iko katikati. Karibu nusu yake hupenya, na balungi huweza kuiongeza kiasi cha kuhisika kwa baadhi ya watu, kwa hiyo anayeitumia ninamshauri aliache. Ndiyo maana sipendi tangazo la jumla kwamba mwenye presha asile balungi. Lingewanyima tunda watu wengi wasio na hatari, na wenye hatari hasa wangelipuuza pamoja nao.

Kuhusu kutenganisha saa, jibu ni hapana, na najua wazo hilo limetoka wapi. Mtu akipewa siprofloksasini anaambiwa asiimeze pamoja na maziwa wala mtindi, na mama mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma anaambiwa asivimeze kwa chai. Katika mikasa hiyo dawa na chakula hukutana tumboni na kushikana: kalsiamu ya maziwa huikamata siprofloksasini, na kiasi cha theluthi hivi kinashindwa kunyonywa, vilevile ukakasi wa chai hulikamata chuma. Ukivitenganisha havikutani tena. Siprofloksasini ikimezwa saa mbili kabla ya maziwa, au saa sita baada yake, inafanya kazi yake yote, na kidonge cha chuma kinataka saa moja au mbili mbali na birika. Balungi halishikani na kidonge. Linaharibu kimeng'enya chenyewe, na kimeng'enya kilichoharibika hakirekebishiki. Mwili unangoja kutengeneza kingine kipya katika seli za utumbo, kazi inayochukua siku moja hadi tatu. Kwa hiyo balungi la saa moja asubuhi linakikuta kidonge cha saa mbili usiku ukuta ukiwa bado wazi, na kwa mtu anayekunywa kila siku ukuta haufungi kabisa. Glasi moja ya mililita 200, au tunda moja, inatosha. Kulichemsha au kulifanya jamu hakulitoi hatarini.

Ushauri wa kaka wa kukata kidonge nusu una nia njema, lakini kwa felodipini ni wa hatari zaidi kuliko anavyodhani. Kidonge hicho kimetengenezwa kinyonye maji tumboni, kiwe kama ute mzito, na kuachia dawa kidogo kidogo kwa siku nzima. Kikikatwa au kutafunwa, ule mpango unavunjika na dawa inatoka kwa mkupuo, na kwa mtu ambaye utumbo wake hauivunji, mkupuo huo unaingia kwa wingi zaidi. Akihitaji 5, aandikiwe kidonge cha 5. Vivyo hivyo msikubali wazo la kuendelea na balungi na kupunguza dawa ili kuokoa fedha, wazo ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja kwenye dirisha la dawa. Balungi moja halifanani na jingine. La mti huu na la sokoni, lililoiva na lisiloiva, hutofautiana nguvu, na msimu ukiisha presha ya mzee itapanda ghafla bila yeyote kujua sababu.

Kuhusu matunda mengine: chungwa letu la kawaida na chenza ni salama, anywe maji yake bila wasiwasi huu. Furungu lichukuliwe sawa na balungi. Danzi, lile chungwa chungu ambalo pwani tunalitia kwenye achari, nalo lina kemikali hizo na limeonekana kuiongeza felodipini, hivyo glasi ya maji yake haifai. Kukamulia kidogo kwenye samaki si jambo la kukosesha usingizi, na ndimu kwenye mchuzi vivyo hivyo.

Madafu ni hadithi tofauti, na jibu langu linategemea kitu ambacho barua yako haikutaja: baba ana vidonge vingine? Maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye figo nzima na felodipini peke yake, dafu halina tatizo. Lakini wagonjwa wengi wa presha huongezewa losatani, enalapili au spironolaktoni, na dawa hizo huufanya mwili ubakize potasiamu. Hapo hakuna kimeng'enya wala kushikana tumboni. Ni mizigo miwili ya aina moja inayojumlishwa, na potasiamu ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo, mara nyingi bila kutoa dalili mapema. Ikiwa anatumia moja ya hizo, au amewahi kuambiwa figo zake ni dhaifu, asifanye madafu kuwa kinywaji cha kila siku mpaka apimwe damu. Tazama pia kama kuna simvastatini ya kushusha lehemu kwenye mfuko wake wa dawa, kwa sababu nayo hupenya kidogo sana bila balungi na hupanda mno kwa balungi. Mwulize kama misuli ya mapaja na mabega inamuuma bila kazi, na kama mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai. Na kwa kuwa msimu wa mabibo hauko mbali, niongeze kwamba uraka juu ya dawa yoyote kati ya hizi humwangusha mtu anaposimama, balungi liwepo lisiwepo.

Utakapokwenda kwa daktari, sema kwa ufupi: dozi ilipandishwa Dar es Salaam, kule hakuwa anakunywa balungi, hapa amekuwa akinywa kila siku hadi tarehe fulani. Yeye ndiye atakayeamua kama kidonge cha kesho kimezwe, kipunguzwe au kirukwe. Kisha nunua daftari la kurasa chache, na kwa siku kumi mpime mara mbili: asubuhi kabla ya dawa, na saa tatu au nne baada ya dawa. Kila mara aketi dakika tano akiwa ameegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mpime, asimame, umpime baada ya dakika moja na tena baada ya tatu, na mtu awe karibu wa kumshika. Andika na saa.

Ninachotarajia ni kwamba kufikia siku ya tatu au ya nne bila balungi kizunguzungu cha saa tano kitakuwa kimekwisha na tofauti ya kuketi na kusimama itapungua, ilhali uvimbe wa miguu utachelewa zaidi. Vipimo vitapanda kidogo. Baba akiona hivyo atasema, unaona, nilikwambia balungi linashusha. Mwonyeshe ukurasa wa kwanza wenye 86. Vikipanda kupita 140/90 siku kadhaa mfululizo, ndipo daktari ataona presha yake halisi juu ya dozi yake halisi, na ataamua abaki na felodipini au arudi kwenye amlodipini. Ikiwa dalili hazitaondoka kabisa baada ya wiki bila balungi, basi balungi halikuwa peke yake, na atafutiwe sababu nyingine: upungufu wa maji, moyo, au dawa ambayo ameongezewa na mtu mwingine.

Mwambie pia daktari, bila haya, kwamba mzee analipenda tunda hilo. Kumrudishia amlodipini, kama hakukuwa na sababu kubwa ya kuiacha, ni uamuzi halali wa kitabibu, na unaweza kumfaa zaidi kuliko kumkataza jambo ambalo atalifanya ukiwa shambani. Muulize kaka kwa nini aliachishwa. Ikiwa ilikosekana dukani tu, hilo ni jambo moja, na ikiwa ilimvimbisha miguu hata kule, ni jingine, na daktari wa hapa atataka kulijua.

Mjomba aliweke shoka lake chini. Mama bado anakula kwenye mti huo, na huenda baba naye akaurudia msimu ujao akiwa na kidonge kingine. Ila jirani akija na kikapu kuomba, mwulizeni kwanza anameza dawa gani, na akisema ni ya presha, alete boksi mlisome.